Kaulimbiu inaposomeka kama bahati nasibu: kutibu tafsiri ya Siku ya Mazingira Duniani

Bango lilikuwa la mita tatu kwa moja, kijani na nyeupe, limeandikwa SHINDA UCHAFUZI WA PLASTIKI. Lilitundikwa kati ya minazi miwili karibu na soko la samaki la Feri, hapa Mtwara mjini, siku mbili kabla ya tarehe 5 Juni. Kijana wa bodaboda akasimamisha pikipiki, akasoma, akaniuliza: "Mjomba, kuponi zinapatikana wapi?" Nilidhani ananitania. Kumbe ameshazoea mabango ya shinda simu, shinda pikipiki, shinda mamilioni, na hili akalipokea kama mengine yote. Tofauti pekee aliyoiona ni kwamba zawadi yenyewe ilikuwa ya ajabu kidogo.

Bango hilo nililichapa mimi. Nachapa mabango, fulana na kanga za vikundi, na maneno huletwa na mteja. Lakini aibu ya siku ile ilinifundisha kwamba mchapaji asiyeyasoma maneno kabla ya kuwasha mashine atalaumiwa pamoja na aliyeyaleta. Tangu hapo kila kaulimbiu iliyotoka nje naikagua kwanza. Nitaeleza ninavyokagua kwa kufuata hii moja, kwa sababu ina karibu kila ugonjwa ninaoujua.

Kaulimbiu yenyewe ya asili ni #BeatPlasticPollution. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira limeitumia kwa Siku ya Mazingira Duniani mwaka 2018, ikarudi 2023, ikarudi tena 2025. Kwa hiyo anayedhani atahangaika nayo mara moja tu ajue inaweza kumrudia. Kwa Kiingereza ni maneno matatu, mawili ya mwisho yanaanza kwa herufi moja, na yote yanatamkwa kwa pumzi moja. Ukiyaleta neno kwa neno, kila moja linavunjikia mahali pake.

Jambo moja kabla hujaanza kutibu. Angalia kama barua kutoka halmashauri au wizarani ina kaulimbiu ya Kiswahili ya mwaka huo. Kama ipo, hiyo ndiyo ya maadhimisho rasmi, nawe usitunge ya kushindana nayo kwenye bango kuu. Yanayofuata ni kwa ajili ya kikundi, shule au soko linalotaka maneno yake lenyewe, au kwa yule aliyepewa ya Kiingereza tu na kuambiwa "weka Kiswahili hapo".

Dalili: msomaji anauliza zawadi, au anacheka kwenye neno la kwanza

Ugonjwa uko kwenye kitenzi. Kile cha Kiingereza, "beat", kina maana ya kupiga na maana ya kumshinda adui, na mwenye lugha yake huzisikia zote mbili kwa pamoja. Sisi tuna vitenzi viwili mbalimbali, na kila kimoja kina mambo yake.

"Shinda" ina kazi nyingi mno. Timu inamshinda mpinzani, sawa. Lakini mtu pia anashinda njaa, anashinda shambani, anashinda anacheza bao, yaani anaumaliza mchana wake hapo. Na mtu anashinda gari kwenye droo. Maana ipi itangulie kichwani inategemea neno linalofuata na mahali neno lilipoandikwa. Kitenzi hiki kikiwa peke yake mwanzoni mwa bango, kwa herufi kubwa, kikifuatwa na jina la kitu, maana ya droo ndiyo inayokimbia mbele, maana matangazo ya biashara yameshatuzoesha hivyo. Yule kijana hakukosea kusoma. Alisoma sawasawa kabisa na mazoea ya mabango.

Mtu mwingine atasema basi tuweke "piga". Hapo ni pabaya zaidi. "Piga" ikifuatwa na jina la tendo haimaanishi kulichapa tendo hilo, inamaanisha kulifanya. Kupiga deki, kupiga soga, kupiga umbea. "Piga uchafuzi" kwa sikio la kawaida ni kumhimiza mtu achafue, tena kwa bidii. Ukitaka maana ya kupambana lazima uongeze neno: piga vita, piga marufuku. Na hiyo ya pili si ya kuchezea, kwa sababu hapa nchini kupigwa marufuku ni jambo la sheria. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Bango la kikundi likisema "piga marufuku plastiki", muuza maji ya chupa atakuja kuuliza kama kuna tangazo jipya.

Wengi hukimbilia "tokomeza". Kisarufi haina kosa. Tatizo lake ni uchovu. Imeshaandikwa kwenye kuta za zahanati, shule na vituo vya polisi kwa kila jambo baya lililopo duniani, mpaka jicho linaipita kama linavyoupita ukuta wenyewe. Halafu inaahidi kitu kizito: kutokomeza ni kumaliza kabisa, pasibaki hata kimoja. Mvuvi anayeona chupa zikirudi na maji kila alfajiri anaisoma ahadi hiyo na kutabasamu tu.

Tiba niliyoizoea ni kuacha kutafuta kitenzi kinachofanana, na kuuliza: kaulimbiu zilizokaa vichwani mwa watu hapa kwetu zimejengwaje? "Mtu ni Afya", kampeni ya redio ya mwaka 1973, wazee bado wanaitaja. "Siasa ni Kilimo" ya 1972. "Nyumba ni Choo" ya juzijuzi tu. Zote tatu hazimwamuru mtu lolote. Zinatamka kwamba kitu hiki ni kitu kile, na kwa sababu vitu hivyo viwili havijazoea kukaa pamoja, msikilizaji analazimika kusimama na kujiuliza vipi. Kiunzi chenyewe ni jina, "ni" au "si", halafu jina. Kiingereza hupenda kuanza na amri. Kwetu, amri tupu ya mtu mmoja, bila "tu-" ya kujijumuisha wala "-eni" ya wengi, ni lugha ya mzazi kwa mtoto anayechelewa kuteka maji. Ndiyo, bango linaruhusiwa ukali kidogo, lakini mzee wa miaka sabini akiambiwa "Shinda!" na kitambaa kilichotundikwa na vijana, haoni kama anaambiwa yeye.

Dalili: maneno yote ni sahihi, ila ukimwuliza mtu nani amechafua nini, anajibu kinyume

Hili linawapita hata walimu. Sema "uchafuzi wa bahari". Nani ameumia? Bahari. Sema "uchafuzi wa mazingira", au "uchafuzi wa vyanzo vya maji". Kila mara kilichokuja baada ya "wa" ndicho kilichochafuliwa. Sasa sema "uchafuzi wa plastiki". Kwa mazoea yaleyale, plastiki ndiyo iliyochafuliwa, na sisi tunaombwa tuitetee.

Sababu ni kwamba Kiingereza kinabandika majina mawili bila kiungo na kumwachia msomaji akisie uhusiano wake. Kiswahili kwa kawaida hakibandiki, kinaweka "-a", na "-a" hii baada ya "uchafuzi" ina tabia yake iliyokwisha jengeka. Msomaji mwenye nia njema ataelewa tu, kwa kuwa anajua plastiki ni takataka. Lakini kaulimbiu inayomtegemea msomaji airekebishe mwenyewe haijatafsiriwa bado.

Marekebisho ya kitaalamu ni "uchafuzi utokanao na plastiki". Maana imenyooka, sauti imekufa. Hesabu mizani: "Tutokomeze uchafuzi utokanao na plastiki" ni mizani kumi na nane. Mshororo wa kawaida wa shairi una kumi na sita, tena umekatwa katikati, nane kwa nane, ili mtu avute pumzi. Hii ya kwetu haina pa kukatia. Mtangazaji wa gari la matangazo anaitamka mara tatu, mara ya nne anasema "utokanayo", mara ya tano anaruka kabisa na kutangaza mechi. "Mtu ni afya" ina mizani mitano. "Siasa ni kilimo" ina saba. Sisemi saba ni sheria, ila nikifika kumi na mbili naanza kupunguza.

Hapo ndipo ninapoacha kuling'ang'ania jina "uchafuzi". Ni jina la tendo, halionekani wala halishikiki. Kinachoonekana ufukweni ni taka, na taka ni neno la kila siku.

Dalili: watu wanaelewa, wanakubali, na hakuna anayejiona anahusika

Nilimsikia muuza ndoo na mabeseni sokoni akilisoma bango lile lile kwa sauti, kisha akauliza kwa nini wanawachukia wauza plastiki. Kwa masikio ya mtaani, ukisema "plastiki" tupu, watu huona ndoo, beseni, kiti cha sherehe, dumu la mafuta. Vitu vizuri, vilivyonunuliwa kwa pesa. Kinachochafua pwani kina majina mengine: rambo, chupa za maji, vifuniko, vipande vya nyavu za nailoni, kandambili moja moja zisizo na mwenzake.

Kwa hiyo taja kitu kwa jina analolitumia anayekitupa. "Rambo" linaeleweka kila mahali hapa, ingawa mifuko yenyewe imepigwa marufuku. Ofisa mmoja aliwahi kulikataa akidai ni neno la mitaani, nikamshauri kwenye barua na ripoti tuandike "mifuko ya plastiki" na kwenye kitambaa tuandike "rambo". Alikubali baada ya kugundua kwamba yeye mwenyewe, alipokuwa akinieleza kwa mdomo, alisema rambo mara mbili.

Angalia tu neno lisiwe na mzigo wa pembeni. Kuna kikundi kilitaka "viroba" kwa maana ya magunia ya plastiki. Nikawakumbusha kwamba viroba ndilo lilikuwa jina la pombe za kwenye pakiti, zilizopigwa marufuku Machi 2017. Bango la "Viroba basi" lingesomwa kama habari ya zamani kuhusu walevi.

Jinsi ya kupima kabla ya kuchapa

Kipimo changu ni cha dakika kumi na hakihitaji ofisi. Naandika maneno kwa kalamu nene kwenye karatasi moja, natoka nje, nawaonyesha watu watatu wasiofanana: bodaboda, mama wa mgahawa, mwanafunzi wa sekondari. Siwaonyeshi ya Kiingereza. Na siwaulizi "mmeelewa?" kwa sababu mtu mwenye adabu zake atakujibu "nimeelewa" hata kama umemwonyesha Kichina. Nauliza: "Hapa wanasema nini?" Kisha nanyamaza. Atakachokisema kwa maneno yake mwenyewe ndiyo tafsiri niliyoichapa kweli, si ile iliyo kichwani mwangu.

Kikundi cha Feri, wale wenye bango la SHINDA, kiliporudi mwaka uliofuata, tulikaa barazani na kutunga upya. Rasimu iliyotupendeza ilikuwa hii: UKITUPA LEO, UTAVUA KESHO. Chupa unayoitupa leo ndiyo itakayonasa kwenye wavu wako kesho. Mizani kumi na miwili, sita kwa sita, ina mkato, ina bahari ndani yake, na hakuna neno hata moja lililoletwa kwa meli. Nilijiona fundi.

Nikaipeleka kwa mama mmoja anayekaanga samaki pale sokoni, mtu mzima, ananiita baba kwa heshima kama akina mama wanavyowaita watoto wao wa kiume. Akafuta mikono, akaishika karatasi mbali na macho, akasoma kimya. Halafu akaanza kucheka, akamwita mwenzake aje asome.

"Baba, hii wanavaa kina nani?"

Nikamwambia vijana wa kikundi, wa kike na wa kiume, kwenye fulana, mgongoni.

"Basi wasichana usiwavishe. Ukitupa leo, utavua kesho! Tukupe nini? Na tuvue nini?"

Nilisimama pale na karatasi yangu. "Ukitupa" ni ukirusha takataka, na pia ni ukitupatia sisi. "Utavua" ni samaki, na pia ni nguo. Tukiwa barazani tulisikia maana moja tu kwa sababu tulikuwa tunazungumza taka na wavu tangu asubuhi. Kwenye mgongo wa fulana, bila mazungumzo yale, maana nyingine ndiyo ilikuwa na nguvu zaidi, na ilikuwa ya matusi. Kiswahili fasaha kabisa, kisicho na harufu ya tafsiri, kikashindwa kwa kikaango kimoja. Kwa hiyo kipimo si cha tafsiri ya neno kwa neno peke yake. Hata uliyoitunga mwenyewe ipime.

Tungeweza kuokoa kwa kuweka yambwa, yaani kiambishi cha kitu kinachotupwa, "ukiitupa leo, utaivua kesho", lakini basi msomaji anauliza "i" ni nini, na nguo bado ipo pale pale. Tukaitupa rasimu nzima.

Tulichobaki nacho kilitoka kwenye kile kiunzi cha jina, "si", jina:

BAHARI SI JALALA
Rambo na chupa tupu, zisifike majini

Mstari wa juu una mizani saba. Wa chini una saba kwa saba, kwa hiyo mtangazaji anaweza kuitamka yote kwa pumzi tatu zilizolingana. "Uchafuzi" umeondoka, nafasi yake imechukuliwa na jalala, mahali ambapo kila mtu anapajua kwa pua. Hakuna adui wa kushindwa wala kupigwa. "Zisifike" inaomba bila kumnyooshea mtu kidole. Haisemi nani alizitupa, na pale sokoni, ambako mtupaji na msomaji mara nyingi ni mtu mmoja, hilo lina maana kubwa. Tulipoteza kitu pia: ile hali ya dunia nzima kupambana kwa pamoja haimo tena. Hiyo tuliiachia #BeatPlasticPollution yenyewe, ambayo tuliiweka chini kwa herufi ndogo bila kuitafsiri. Anayebandika picha mtandaoni aiandike vilevile ilivyo, kwa sababu ukiitafsiri picha za Mtwara hazitaonekana pamoja na za kwingine. Ya Kiswahili iongezwe pembeni yake kama #BahariSiJalala, kila neno likianza na herufi kubwa. Bila herufi kubwa, ile "si" inamezwa na majirani zake.

Dalili: maneno ni mazuri kwenye karatasi, mabaya kwenye kitambaa au kipaza sauti

Hii "si" ndiyo inayohitaji ulinzi kuliko neno lolote. Vijana wa kompyuta wamezoea kuyapunguza maneno madogo ili makubwa yapendeze. Mmoja aliniletea mchoro ambao BAHARI na JALALA zilikuwa na urefu wa sentimita thelathini, na "si" imekaa katikati kama inzi. Ukiwa ng'ambo ya barabara, bango linasema BAHARI JALALA. Weka maneno yote ukubwa mmoja. Na kama nafasi inakulazimisha kukata mstari, kata baada ya BAHARI, ili SI ibaki na JALALA. Kukata baada ya SI kunaliacha neno likining'inia, na msomaji anapumzika mahali pasipo na maana.

Kwenye kipaza sauti kuna mtego mwingine. "Si" tunaitumia pia kuuliza jambo tunalojua jibu lake: si ulisema unakuja? Mtangazaji akiipandisha sauti mwishoni, "Bahari, si jalala?" inakuwa kana kwamba anashangaa kwa nini watu wanajizuia kutupa. Mwambie ashushe sauti kwenye "jalala", na asitue baada ya "bahari". Nilimkalisha mtangazaji wetu kwenye gari akaisema mara kumi kabla ya kuondoka.

Kisa cha namna hiyo kipo hata kwenye kampeni kubwa. "Ziro Malaria Inaanza na Mimi" inafuata kwa karibu sana kaulimbiu ya Kiingereza ya Afrika nzima. Ikisomwa yote, inaeleweka. Lakini redio ikikwaruza kwenye neno la kwanza, kinachobaki ni "malaria inaanza na mimi", maneno ambayo hakuna mtu angependa kuyasema. Kaulimbiu inayobebwa na neno moja dogo la mwanzo ipewe msemaji asiyemeza maneno.

Kuhusu kitambaa, fupi tu: fleksi ni plastiki. Bango la kupinga taka za plastiki lililochapwa kwenye fleksi litamaliza maisha yake kama paa la banda la kuku, na watu wataona. Tulichapa kwenye kitambaa cha pamba. Bei ilipanda, rangi haikung'aa sana, na hakuna aliyetucheka.

Na ile salamu ya chini ya bango, ambayo watu huitafsiri "Furaha ya Siku ya Mazingira Duniani": iondoe. Hata ukisema "Heri", hiyo ni ya Idi, Krismasi na mwaka mpya. Siku hii haina pilau. Tunasema tunaadhimisha, na siku yenyewe ya tarehe 5 ni kilele. "Kilele cha Siku ya Mazingira Duniani, Feri, saa 1 asubuhi" inatosha, na angalau inamwambia mtu aje wapi na lini.

Dalili: kaulimbiu iliyofanya kazi Feri inagoma kwingine

Kikundi cha akina mama kutoka Newala kiliona fulana zetu na kutaka zao. Newala ipo juu kwenye uwanda wa Makonde. Bahari ni safari ya gari. Nikadhani ni kazi ya kubadilisha neno moja. Nikaandika SHAMBA SI JALALA na kuituma.

Jibu lilikuja kwa simu, kutoka kwa bibi mmoja wa kikundi, kwa upole kabisa. "Mjukuu wangu, maboga yangu mimi yanaota jalalani. Majivu ya jikoni, maganda, yote nayatupa shambani. Sasa unaniambia shamba si jalala, mbolea nitoe wapi?"

Alikuwa sahihi. Kwa mtu wa Feri jalala ni uchafu. Kwa mkulima jalala ni mahali ambapo takataka inageuka udongo, na udongo unageuka chakula. Kiunzi kilikuwa kizuri, ila neno la pili lilibeba maana iliyo kinyume na niliyoitaka. Nilimwuliza basi rambo likiwa pale jalalani inakuwaje.

"Ah, hilo halifai. Nikilima mwakani nalikuta lile lile, limekaa tu. Rambo haliozi."

Nikamwomba alirudie, nikaliandika kama alivyolisema. Wenzake wakalisoma, mmoja akataka "haiozi", wakabishana kidogo, bibi akashinda. Fulana thelathini zilikwenda Newala zimeandikwa RAMBO HALIOZI, hakuna kingine mgongoni.